Tupeane uzoefu: kufunika madoa usoni bila kuipausha ngozi nyeusi

Sponji_Kavu: Wapambaji, tuongee kuhusu madoa ya mashavuni na kuzunguka mdomo. Doa lipotee, ila rangi ya mteja ibaki ileile, na paji lake libaki jeusi kuliko mashavu kama lilivyoumbwa. Wengi wanaliziba doa kwa konsila nyepesi, bibi harusi anatoka na uso wa kijivu. Nani ana njia inayokubali?

Bi_Mwanapoda: Kijivu hicho kinatokana na unga mweupe uliomo kwenye konsila. Ukiutandaza mwembamba juu ya kitu cheusi, jicho linaona ubluu, kama maziwa yaliyotiwa maji kwenye kikombe cheusi. Ukirudia tabaka unapata uzito, kijivu bado kipo.

Doa lizime kwa rangi. Chukua korekta ya chungwa, kiasi cha punje ya mchele kwa shavu moja, uigonge kwa kidole cha pete ndani ya doa tu. Pembezoni acha uzi mwembamba bila kupaka, maana korekta husambaa yenyewe. Ukiifikisha ukingoni, utapata pete ya chungwa juu ya ngozi isiyo na doa. Subiri dakika moja. Doa halitakuwa limepotea, litakuwa limegeuka kahawia yenye joto, na hapo ndipo pa kuishia. Ukiona chungwa linawaka, umezidisha. Lipunguze kwa sponji kavu.

Chausiku_K: Mimi lipstiki ya chungwa kwa kila mteja, shilingi elfu tatu, kazi imekwisha 😄

Bi_Mwanapoda: Kwa dharura sawa, dada. Lakini lipstiki ni mafuta, faundesheni huteleza juu yake na baada ya muda hujikusanya kwenye mikunjo ya mdomo. Na chungwa moja haliwatoshi wote. Maji ya kunde anataka rangi ya papai, mweusi wa kahawa anataka chungwa lenye wekundu, mweusi tii anataka rangi ya tofali. Huyo wa mwisho ukimpaka papai, korekta yenyewe ni nyepesi kuliko ngozi yake. Umemwongezea doa jingine.

Mgeni_wa_Jiji: Mbona hamtaji krimu? Mdogo wangu kapata moja, wiki mbili tu uso mzima umetakata.

DawaNaNgozi: Ndugu, hapa wanaongelea vipodozi vya siku moja. Ila krimu inayotakatisha uso mzima kwa wiki mbili itilie shaka; mara nyingi ndani mna haidrokwinoni, steroidi au zebaki. Akitaka dawa ya madoa, asidi ya azelaiki ni ya polepole, ipe miezi mitatu ndipo uihukumu. Aipake pamoja na sanskrini yenye rangi ya ngozi, kwa sababu melasma, yale madoa ya kahawia ya mashavuni, hukolezwa hata na mwanga wa kawaida, na kinachouzuia ni oksaidi ya chuma iliyomo kwenye hiyo rangi. Haidrokwinoni ikitumika miaka mingi, yenyewe inaweza kuacha madoa ya bluu-nyeusi.

Sponji_Kavu: Hayo ya bluu-nyeusi ndiyo yananishinda! Chungwa halishiki kabisa.

Bi_Mwanapoda: Sogea kwenye wekundu, na umwambie mteja mapema kwamba yatafifia tu. Ukilazimisha yapotee, utamvika barakoa.

Sasa kuhusu paji. Tuseme mteja ni mweusi wa kahawa, ana doa la ukubwa wa sarafu shavuni. Usimpake faundesheni moja. Chukua mbili, moja ya mashavu, nyingine iliyokoza ya paji na kingo za uso. Zijaribu kwenye taya, ngoja dakika kumi, kwani nyingi hukoza zikikauka, kisha mpeleke dirishani umtazame. Juu ya doa bonyeza kwa sponji yenye unyevu, usivute. Ukivuta unaondoka na korekta. Sehemu isiyo na doa paka kidogo sana, ngozi yenyewe ionekane. Rangi mbili zinapokutana, gonga kwa upande safi wa sponji.

Poda iende kwenye doa na puani tu. Mfupa wa shavu uache na mng'ao wake, ukiufunika uso unakuwa bapa. Na ile poda nyeupe "isiyo na rangi" jihadhari nayo, kwa flashi hurudisha weupe pichani.

Chausiku_K: Haya, nimeelewa. Ila kati ya korekta na faundesheni mimi lazima nitie poda kidogo, la sivyo kwa joto la Dar vinachanganyika.

Bi_Mwanapoda: Kwa ngozi ya mafuta labda. Kwenye ngozi kavu hupasuka kama tope la kiangazi.

Sponji_Kavu: Mimi natia, hata kavu. Unyunyu tu kwa brashi ndogo ya macho.

Bi_Mwanapoda: Mwangalie baada ya saa nne, halafu urudi hapa.