Nimeitwa "kaka/dada" na mtu anayetaka kunioa

Cherehani_Mbovu:
Jamani, yule bwana wa miwani ya jua humu kwenye mtandao wa wachumba. Msijifanye hamumjui, wote amewapitia. Kaniandikia saa tano na robo usiku huu, nanukuu:

"Habari za asubuhi kaka/dada. Natumaini u mzima wa afya tele. Nimeupitia wasifu wako kwa makini na tabasamu lako limeniteka. Mimi ni mwanamume mwenye malengo. Naomba tufahamiane zaidi."

Kaka/dada! Na mkwaju wake katikati, haujaguswa! Hiyo asubuhi nimemsamehe, huenda kwake jua halituagi. Tabasamu pia nimemsamehe, ingawa picha yangu ni ya cherehani, labda kaona yale meno ya kusukuma kitambaa. Lakini kaka/dada? Mstari wa kwanza nimeandika mimi ni mwanamke. Kwa makini alipitia wapi, dirishani?

Nilikesha naandika kwamba najifunza kushona na kola imenishinda mara tatu, ncha moja inatoka kali, nyingine butu kama kidole gumba. Angeuliza kola tu ningemjibu. Kaka mkwaju dada!

Mzee_wa_Pembeni:
Sasa wewe ni kaka au dada? Uzi mrefu hujasema.

Cherehani_Mbovu:
Toka hapa.

Tarumbeta:
Kosa lake ni urefu. Mimi naandika "Mambo" basi. Neno moja halionekani limekopiwa.

Sina_Haraka:
Tarumbeta, mambo zako ninazo tatu kwenye inboksi. Nikijibu "poa" unaleta nini? Unabisha hodi halafu unataka mwenye nyumba aseme umekuja kufanya nini.

Kungwi_Mstaafu:
Urefu ni nusu ya kosa. Mwanangu, "natumaini u mzima wa afya tele" ni ya barua, hakuna anayeitamka mlangoni kwa mtu. "Habari za jioni" inatosha, haikadirii umri wala haidai mazoea. "Mambo" inayadai kabla hujapewa, na "mrembo" ndiyo kabisa. Hata "dada" mimi ningeiacha, wapo wanaoiona adabu na wapo wanaosikia umeshawafanya ndugu. Halafu taja kitu kimoja alichoandika mwenyewe, na swali moja linalojibika bila kufikiri sana. Kwa mwenye uzi ningeandika hivi:

"Habari za jioni. Nimesoma kwamba kola imekushinda mara tatu nikacheka, maana mimi nilikomeshwa na mfuko wa shati. Hizo ncha unazipunguza kitambaa kabla ya kugeuza, au unageuza hivyo hivyo?"

Weka jina lako chini, basi. Kabla ya kutuma, fikiria ujumbe huo umempelekea mtu mwingine. Akiuelewa bila kushangaa, huo ni wa kukopi.

Tarumbeta:
Mama, nikiandika hivyo kwa watu ishirini si nitazeeka?

Kungwi_Mstaafu:
Andikia watatu.

Mpole_Sana:
Uongo huo. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilimsalimia vizuri, nikamsifia mbwa wake, nikamwambia nimeutambua mtaa ulio nyuma yake pichani. Kanifungia palepale.

Sina_Haraka:
Mtaa???

Kungwi_Mstaafu:
Mpole, hapo umemtisha mtoto wa watu. Taja alichokuambia, usitaje ulichochungulia.

Mpole_Sana:
Basi wanawake mseme mnataka nini. Ukikopi kosa, ukisoma kosa.

Nywele_Mvi:
Nyie mna nafuu. Mimi mtu tuliyezaliwa mwaka mmoja kanianza na "Shikamoo". Kwenye mtandao wa kutafuta wachumba! Nimeitikia marahaba, nikamuuliza hajambo mama yake.

Mzee_wa_Pembeni:
Shikamoo ni heshima, mnalalamika nini?

Nywele_Mvi:
Heshima ya mkwe. Mchumba haanzi hivyo.

Sina_Haraka:
Mimi namwelewa huyo wa shikamoo. Kama kakuzidi miaka kumi na tano utamwambiaje, mambo?

Kungwi_Mstaafu:
Habari za jioni.

Nywele_Mvi:
Akiwa wa miaka sitini je? Kwetu akisikia habari tu bila shikamoo ananuna wiki nzima.

Mzee_wa_Pembeni:
Wa miaka sitini anatafuta nini humu?

Nywele_Mvi:
Anatafuta unachotafuta wewe, na wewe humu una mwaka wa ngapi?

Uzi_na_Sindano:
Samahani, nimekuja kwa ajili ya kola. Acha nusu sentimita nje ya mshono, pale kwenye ncha kata mshazari ukikaribia uzi bila kuugusa, ndipo ugeuze. Ncha butu ni kitambaa kimejazana ndani.

Cherehani_Mbovu:
Nilikuwa sikati kabisa! Asante sana. Una cherehani ya mguu au ya umeme?

Mpole_Sana:
Oneni, huyu hata hajasalimia na kajibiwa.

Cherehani_Mbovu:
Kasema samahani. Halafu jamani, yule bwana katuma tena sasa hivi: "Mbona kimya kaka/dada?"