Naomba ushauri: seva inakata muunganisho tunaodhani bado uko hai
Ndugu wataalamu, programu yetu hupata kosa la `ECONNRESET` mara chache kwa siku, na kila mara ni kwenye muunganisho uliokaa kimya kwa takribani sekunde 5, yaani muda uleule wa `keepAliveTimeout` uliowekwa kwenye seva. Kwa `tcpdump` naona seva ikituma `FIN`, lakini ombi letu la `POST` linakuwa limekwisha kuondoka kabla haijatufikia, ndipo seva inajibu kwa `RST`. Nimepunguza muda wa kutunza miunganisho upande wetu hadi sekunde 4, na makosa yamekoma karibu yote. Hayo machache yaliyobaki ndiyo yananikosesha usingizi: ninawezaje kurudia `POST` ya malipo bila hatari ya kumkata mteja pesa mara mbili?