Naomba ushauri: umbali wa mtumbwi hadi ufukweni, y inanitokea hasi

Wakuu habari za jioni, niko Kirumba hapa Mwanza, dogo wa fomu siksi kaniletea swali limenikwamisha. Ufukwe wa ghuba ni y = x², vipimo kilomita, mtumbwi uko (0, 3), tafuta nchi kavu iliyo karibu zaidi. Nikachukua umbali mraba ili nisihangaike na kipeuo, maana umbali ukiwa mdogo kabisa na mraba wake unakuwa mdogo palepale: D = x² + (y − 3)². Nikaweka y badala ya x², nikadifarenshieti, 1 + 2(y − 3) = 0, y = 2.5, D = 2.75, umbali kama km 1.66. Safi.

Sasa kipengele b mtumbwi umesogea (0, 0.25). Njia ileile inanipa y = −0.25 na ufukwe hauna y hasi, nimerudia mara tatu mpaka karanga zimeisha. Dogo katumia x, kapata x + 4x³ = 0, yaani x = 0 tu, umbali mita 250, na mchoro unamkubali (kanicheka kweli).

Nahisi nilipoitupa x nilisahau y haishuki chini ya 0, kwa hiyo D ndogo iko ukingoni hata kama derivativu sio sifuri pale. Je nikitumia y niwe nakagua ukingo kila mara au nibaki na x tu? Na mtumbwi ukiwa (0, c), mimi naona x = 0 inashinda mpaka c = 0.5, nani anihakikishie?