Kupima vichwa vya kurasa kwa CTR ya Search Console: kabla-na-baada, au makundi mawili?

Mkulima_Kilosa

Habari zenu wakuu. Nina tovuti ya kilimo kwa Kiswahili, kurasa 24, kila zao na ukurasa wake. Ukurasa wa vitunguu ulikuwa na kichwa "Kilimo cha Vitunguu Maji: Mwongozo Kamili". Nimeubadilisha uwe "Kilimo cha Vitunguu Maji: Gharama, Mbegu na Mavuno kwa Ekari". Ndani sikugusa neno, maana gharama na mavuno vilikuwemo tangu mwanzo. Kisha nikaingia Performance, nikachagua Compare, nikaweka wiki nne za kabla na wiki nne za baada:

Kabla: mibofyo 312, kuonekana mara 9,600, CTR 3.3%, nafasi 7.4
Baada: mibofyo 398, kuonekana mara 15,900, CTR 2.5%, nafasi 11.2

CTR imeanguka na nafasi imeanguka. Nirudishe kichwa cha zamani? Halafu kwa zile kurasa 23 zilizobaki, kipi bora: nibadilishe mmoja mmoja na kulinganisha kabla na baada kama hivi, au nizigawe makundi mawili, moja libadilike na jingine nisiliguse?

Jabali

Rudisha haraka mkuu. CTR ndiyo kipimo cha kichwa, na imeshuka. Nafasi kutoka 7 hadi 11 maana yake umetolewa ukurasa wa kwanza. Na kumbuka tangu Agosti 2021 Google wana mfumo wa kujiandikia vichwa, kwa hiyo inawezekana unapima kichwa ambacho watu hawakioni kabisa. Mimi vichwa niliacha kuvipima siku nyingi.

Bi_Salma

Ndugu Mkulima, usirudishe kitu bado. Angalia mstari wako mwenyewe: mibofyo imeongezeka 86. Kama watu wangekuwa wamekikataa kichwa, hao 86 wametoka wapi?

Ninachokiona hapo ni kwamba maneno "gharama" na "kwa ekari" yameuingiza ukurasa wako kwenye utafutaji ambao zamani haukuwemo. Huko umeanzia chini, nafasi ya 30 au 40, ambako hakuna anayebofya ila kila kuonekana kunahesabiwa. CTR ya ukurasa mzima ni mibofyo yote kugawanya kwa kuonekana kote, kwa hiyo ukiongeza kuonekana kusiko na mibofyo, asilimia inashuka hata kama pale ulipokuwa zamani watu wanabofya zaidi. Nafasi nayo ni wastani, inavutwa chini na hao wageni.

Fanya hivi. Chuja ukurasa huo tu, nenda kwenye Queries, panga kwa tofauti ya kuonekana uone ni maneno gani yameongezeka. Kisha weka Exact query kwa neno lako kuu, na Country iwe Tanzania pekee. Utuletee namba.

Jabali, hilo la vichwa una hoja, ila si sababu ya kuacha kupima. Septemba 2021 Google wenyewe walisema wanatumia kichwa cha mwenye ukurasa karibu 87% ya mara. Search Console haikuonyeshi kichwa kilichotokea kwenye matokeo, kwa hiyo lazima utafute mwenyewe kwa neno lako kuu na usome kwa macho, kwenye simu. URL Inspection itakwambia tarehe Google waliyopita mara ya mwisho. Siku zote kabla ya kichwa kipya kuonekana, zitupe, haziingii kabla wala baada.

Mkulima_Kilosa

Ahsante sana dada. Nimefanya. Kichwa kipya kinaonekana kama nilivyokiandika, na zile siku za katikati nilikuwa nimeziruka. Kwa neno "kilimo cha vitunguu", Tanzania tu:

Kabla: mibofyo 171, kuonekana 3,800, CTR 4.5%, nafasi 4.1
Baada: mibofyo 214, kuonekana 3,900, CTR 5.5%, nafasi 4.2

Na kwenye walioongezeka, wa kwanza ni "gharama za kulima ekari moja ya vitunguu", nafasi ya 34. Kuna mengine mengi ya "kwa ekari", yote chini huko. Kwa hiyo kichwa kipya kimeshinda?

Bi_Salma

Sasa tunaongea. Nafasi haijasogea, 4.1 na 4.2 ni kitu kimoja, kwa hiyo tofauti ya CTR haikuletwa na kupanda. Kitu cha pili ni kujua kama 4.5 na 5.5 ni tofauti ya kweli au ni bahati ya wiki hizo. Weka kwenye lahajedwali: mibofyo ya kabla B2, kuonekana kwa kabla C2, mibofyo ya baada D2, kuonekana kwa baada E2.

```
=(D2/E2-B2/C2)/SQRT((B2+D2)/(C2+E2)*(1-(B2+D2)/(C2+E2))*(1/C2+1/E2))
```

Jibu likizidi 1.96, au likiwa chini ya -1.96, ndipo tunaanza kuamini. Lako linatoka 1.99. Limepita mlango kwa kugusa fremu. Mibofyo michache ingeenda kwingine, ungeandika hapa kwamba hakuna tofauti.

Kwa hiyo ukurasa wenye kuonekana mara 500 kwa mwezi usihangaike nao peke yake. CTR yako ikiwa 3% na unataka kugundua kama imefika 3.6%, unahitaji kuonekana kama mara 14,000 kila upande. Kurasa nyingi za Kiswahili zikiwa peke yake hazifiki huko, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kupenda makundi.

Otieno_wa_Sare

Salamu kutoka Kisumu. Mimi nauza sare za shule mtandaoni. Mwaka huu mwanzoni mwa Januari nilibadilisha vichwa vyote siku moja, nikaongeza "Bei" na mwaka. CTR ikapanda vizuri sana, kwa hiyo nawaambia wekeni bei kwenye kichwa, inafanya kazi. Swali langu: kwa nini mnasumbuka na wiki za kabla na baada? Si mnaweza kuweka JavaScript ionyeshe kichwa kimoja kwa nusu ya watu na kingine kwa nusu nyingine, kama tunavyopima kitufe cha kununua?

Bi_Salma

Kaka Otieno, mtu anayebofya kwenye Google hajafika kwako bado, anasoma kichwa ambacho Google wamekihifadhi. Wanakihifadhi kimoja kwa ukurasa. Ukikibadilisha kwa JavaScript kila anapofungua mgeni, Google watachukua kile walichokutana nacho siku waliyopita, nawe hutajua ni kipi. Kitufe kiko kwako, unaweza kuwagawa watu. Kichwa kwenye matokeo huwezi kuwagawa watu, unagawa kurasa au unagawa muda.

Na hiyo Januari yako ndiyo shida ya kabla-na-baada. Shule zinafunguliwa, mzazi anayetafuta sare wiki hiyo ana pesa mkononi na haraka. Mwezi wa kumi na moja anayetafuta neno lilelile anaangalia tu. CTR ingepanda hata kama usingegusa kichwa, na kwa kuwa ulivigusa vyote, hukubakiza hata kimoja cha kukuambia ni kiasi gani kimeletwa na Januari.

Otieno_wa_Sare

Hapo nimekuelewa. Data ya miezi 16 bado iko, naweza kulinganisha na Januari ya mwaka jana?

Bi_Salma

Kama bado iko ndani ya hiyo miezi 16, linganisha. Itasaidia kiasi. Ila nafasi zako za mwaka jana na washindani wa mwaka jana si wa sasa.

Fundi_Takwimu

Niongeze njia ya tatu ambayo haijatajwa: kupokezana. Ukurasa uleule, wiki nne kichwa A, wiki nne B, kisha A tena. Ukirudisha A na CTR ikarudi chini, hapo huna haja ya kundi jingine. Nimeiona ikifanya kazi kwenye tovuti ya habari.

Bi_Salma

Kwenye tovuti ya habari Google wanapita kila baada ya muda mfupi. Kwenye ukurasa wa vitunguu wanaweza kukaa wiki mbili ndipo wapite, na kila zamu unapoteza siku za katikati. Ukimaliza A, B, A umetoka masika umeingia kiangazi.

Fundi_Takwimu

Unaweza kubonyeza Request Indexing kila ukibadilisha. Na makundi nayo yana shida yake: tikiti na mahindi hazifanani. Unalinganisha wakulima tofauti wenye maswali tofauti.

Bi_Salma

Request Indexing ni ombi, si amri. Kuhusu kutofanana, kweli, ndiyo maana hatulinganishi CTR ya tikiti na ya mahindi. Tunalinganisha mabadiliko: kundi lililoguswa limesogea kiasi gani, lisiloguswa limesogea kiasi gani, unatoa. Mkulima, tuangalizie "kilimo cha nyanya" kwa wiki zilezile, huo hukuugusa.

Mkulima_Kilosa

Nyanya, Tanzania, Exact query: kabla 4.8%, baada 5.2%. Nafasi 3.9 pande zote mbili.

Bi_Salma

Basi vitunguu vimepanda pointi 1.0, nyanya bila kuguswa 0.4. Kilichobaki kwa kichwa ni kama 0.6, na kwa kuonekana mara 3,900 siwezi kuapa juu ya 0.6. Pengine msimu, pengine matokeo yenyewe yamebadilika, kwa mfano safu ya video iliyokuwa juu imeondolewa na watu wakashuka kwenye viungo. Nyanya ni ukurasa mmoja tu, nayo ina bahati yake.

Kwa hizo kurasa zako, zipange kwa mibofyo, kubwa hadi ndogo, kisha zichukue mbili mbili. Katika kila jozi rusha sarafu, mmoja aende kundi la kubadilishwa. Usichague kwa macho, utajikuta unabadilisha zile unazozipenda. Kundi unalichuja mara moja kwenye Page, Custom (regex):

```
/kilimo-cha-(nyanya|tikiti|karoti)
```

Vitunguu usiviweke kwenye kundi lolote, vimeshaguswa. Na ukijumlisha, angalia kama kuna ukurasa mmoja unaobeba nusu ya kuonekana kwa kundi. Ukiwepo, fanya hesabu mara mbili, ukiwa ndani na ukiwa nje. Jibu likigeuka, ulichopima ni ukurasa huo, si kundi.

Jabali

Sawa dada, nakubali nilikurupuka kwenye kurudisha. Lakini ukichuja kwa maneno, yale ambayo Google wanayaficha kwa faragha yanatoka kwenye hesabu. Kwenye tovuti yangu ni sehemu kubwa. Unapima waliobaki tu.

Bi_Salma

Ni kweli kabisa, na sina dawa yake. Yanayofichwa ni yale yanayotafutwa na watu wachache, marefu marefu, na huenda ndiko "gharama kwa ekari" inakofanya kazi zaidi. Ndiyo maana pembeni ya CTR ya neno kuu naweka pia mibofyo yote ya ukurasa bila kuchuja neno. Vikienda upande mmoja, naridhika. Vikipingana, nasubiri.

Fundi_Takwimu

Mimi bado nasema kwa ukurasa mkubwa mmoja kupokezana kunashinda. Mkulima, huo wa vitunguu hauko kwenye makundi, kwa hiyo baada ya wiki nne nyingine rudisha kichwa cha zamani, tuone.

Mkulima_Kilosa

Kurudisha kinacholeta mibofyo 86 zaidi kutaniuma, wakuu, matangazo ndiyo yanalipia seva. Naanza na makundi kwanza. Jozi nimeshazipanga, sarafu nitarusha leo jioni, vichwa vibadilike Jumatatu ili wiki ziwe kamili. Swali moja: kundi lisiloguswa, nikikuta kosa la bei ya mbegu ndani ya ukurasa, naruhusiwa kurekebisha?

Bi_Salma

Rekebisha, mkulima asidanganyike kwa ajili ya jaribio letu. Andika tarehe tu, na kichwa usikiguse.