Mhariri "amenyoosha" sentensi zangu, na mtunza ghala ameonekana mwongo

Mkalimani_Masaka:

Ndugu wanajukwaa, ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Natafsiri maelezo ya wakulima kutoka Luganda kwenda Kiswahili, na mwezi uliopita kazi yangu iliharibiwa na mtu anayeamini kwamba sentensi ya Kiswahili ina mpangilio mmoja tu wa maneno.

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kilipoteza magunia 6 ghalani. Wachunguzi waliotumwa walitoka kaskazini na hawasikii Luganda, kwa hiyo maelezo ya mashahidi yalipaswa kuandikwa kwa Kiswahili. Mtunza ghala alisema: "Emmwanyi si nze nnazitunda. Nnatunda bijanjaalo." Niliandika: "Kahawa, si mimi niliyeiuza. Nilichouza ni maharagwe." Mhariri wa ofisi iliyonipa kazi akafuta sentensi zote mbili, akaandika: "Sikuuza kahawa. Niliuza maharagwe." Pembeni alieleza kwamba Kiswahili sanifu huanza na kiima, kisha kitenzi, kisha yambwa, na kwamba katika "niliyeiuza" ile "i" inarudia kahawa ambayo imekwisha kutajwa, kwa hiyo ni maneno ya ziada.

Wachunguzi waliposoma "Sikuuza kahawa" walielewa kwamba mtunza ghala anakana kuwa kahawa iliuzwa. Siku nne baadaye walimhoji ana kwa ana kupitia mkalimani mwingine, naye akaeleza kwamba kahawa iliuzwa usiku na mtu mwenye ufunguo wa pili. Ripoti ikaandika kwamba amebadilisha maelezo yake, na sasa amesimamishwa kazi. Hakubadilisha chochote. Tangu sentensi yake ya kwanza alikuwa amekubali kwamba kahawa imeuzwa.

Naomba mnisome taratibu hapa, kwa sababu kosa lote limelala mahali hapa. Msemaji anapotoa sentensi, kuna jambo ambalo yeye na msikilizaji tayari wanalo mkononi, na kuna jambo analolileta sasa. La kwanza ni mada, la pili ndilo wanaisimu wengine huliita fokasi. Mtunza ghala aliitanguliza kahawa kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa. Kwamba iliuzwa, alilichukua kama jambo linalojulikana. Kipya alichokileta ni kwamba muuzaji si yeye, na ndiyo maana "si" imekaa karibu na "mimi" na haikugusa kitendo cha kuuza. Katika sentensi ya mhariri ukanushi umeingia ndani ya kitenzi, na kutoka hapo msomaji anaweza kuelewa kwamba hapakuwa na mauzo kabisa, au kwamba kilichouzwa ni kitu kingine, au kwamba kahawa ilitolewa bure.

Anayedhani ninabishana juu ya mapambo ya lugha na ajaribu mwenyewe. Aseme: "Sikuuza kahawa, kwa sababu ghalani hapakuwa na kahawa." Sentensi inakaa vizuri. Kisha aseme: "Kahawa, si mimi niliyeiuza, kwa sababu ghalani hapakuwa na kahawa." Inajipinga yenyewe, kwa kuwa nusu ya kwanza imekwisha kukubali kwamba kahawa ilikuwepo na ikauzwa. Ageuze tena: "Si mimi niliyeiuza, ni mwenzangu" inakubalika mara moja, lakini "Sikuuza kahawa, ni mwenzangu" inamwacha msikilizaji akitafuta kiungo kilichokosekana. Kama sentensi mbili haziwezi kufuatwa na maneno yale yale, mhariri hana haki ya kuziita sentensi moja.

Sentensi ya pili ya mtunza ghala ina jambo ambalo jicho lisilojua Luganda haliwezi kuliona. Neno la kawaida ni "ebijanjaalo", lenye irabu "e" mwanzoni. Baada ya kitenzi cha ukanushi irabu hiyo hudondoka, ndiyo maana husemwa "Saatunda bijanjaalo". Lakini yeye hakukanusha. Alisema "Nnatunda bijanjaalo" kwa kitenzi cha kukubali, akaidondosha irabu kwa makusudi, na kwa kufanya hivyo alilibana jina lile: maharagwe, si kitu kile mnachonishuku. Angalisema "Nnatunda ebijanjaalo", angekuwa anatoa habari ya kawaida tu kwamba aliuza maharagwe. Kiswahili hakina irabu hiyo ya kuondoa, kwa hiyo mfasiri hulazimika kutumia muundo mwingine, nami nilitumia "nilichouza ni". Mhariri aliyeufuta alifuta neno la shahidi.

Na hiyo "i" aliyoiita ya ziada, ningependa aeleze kwa nini mtu akiulizwa "Ile kahawa iko wapi?" hujibu "Kahawa nimeiuza", ilhali akiulizwa "Leo umeuza nini?" hujibu "Nimeuza kahawa", bila "i". Kiambishi kinarudi kwenye kitu ambacho tayari kimo katika mazungumzo. Nakiri kwamba kwa watu na wanyama dalili hii ni dhaifu, maana "nimemwona mtoto" hubeba "m" karibu kila mara, awe mtoto anajulikana au hajulikani. Kwa kahawa, maharagwe na ufunguo, inasema mengi.

Nimeandika kulalamika mara mbili. Jibu nililopata ni kwamba maana haikubadilika.

Ngeli_Kwanza:

Pole, ndugu. Kahawa iko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo upatanisho wa "niliyeiuza" ni sahihi kabisa. Mpelekee mhariri jedwali la ngeli na mambo yataisha.

Mkalimani_Masaka:

Ahsante kwa kuniunga mkono, lakini mhariri hakupinga ngeli. Amepinga kuwepo kwa kiambishi chenyewe. Jedwali la ngeli litamwambia kitumike "i" na si "ki", wala halitamwambia ni lini kinahitajika.

Mto_Nile:

Mimi naona unaikuza shida. Katika mazungumzo mtu huikaza sauti juu ya neno analolitaka, na kila mtu huelewa. Na kama ni lazima kuandika, basi weka "mimi" mbele: "Mimi sikuuza kahawa." Ni fupi, inaanza na kiima kama mhariri anavyotaka, na inaonyesha kwamba kuna mwingine aliyeuza.

Mwalimu_Mstaafu_Jinja:

Ndugu Mto_Nile, una nusu ya haki. Sauti husaidia, lakini mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na karatasi ya ripoti haina sauti hata kidogo. Kinachobaki kwenye karatasi ni mpangilio wa maneno na viambishi.

Kuhusu "Mimi sikuuza kahawa", fikiria imesemwa na wa kwanza kati ya wafanyakazi watatu wanaohojiwa. Anasema: kwa upande wangu mimi, jibu ni hapana, wengine watajisemea. Hapo "mimi" ni mada inayotengwa na mada nyingine. Inanong'ona kwamba huenda mwingine aliuza, lakini haimfungi msemaji. Anaweza kuendelea, "wala mwingine yeyote hakuuza," na hakuna atakayemshangaa. Jaribu kuyaunganisha maneno hayo na "Si mimi niliyeiuza", utaona yanakataa.

Sasa nikugeukie wewe, Mkalimani. Umedhulumiwa katika sentensi ya kwanza, na nakuunga mkono bila kusita. Hata hivyo, ungeweza kumnyima mhariri kisingizio chake. "Aliyeuza kahawa si mimi" ina kiima mwanzoni, ina maneno manne, na mauzo yamekubaliwa ndani ya "aliyeuza". Katika sentensi ya pili nina shaka. "Nilichouza ni maharagwe" husikika kana kwamba msemaji anaapa hakuuza kitu kingine chochote. Je, irabu iliyodondoka katika Luganda inaapa hivyo, au inapinga tu kile alichoshukiwa nacho? Nimewasikiliza Waganda kwa miaka mingi na bado nasikia yote mawili, kutegemea swali lililotangulia.

Mtangazaji_Lira:

Yamenikuta haya redioni. Zahanati moja ilituletea tangazo: "Jumamosi tunachanja watoto tu." Mwenzangu alilisoma hewani, "Jumamosi tu tunachanja watoto," akidai "tu" ni neno dogo linaloweza kukaa popote. Maneno ya kwanza yanawaambia watu wazima wasije Jumamosi. Ya pili yanawaambia akina mama wasilete watoto siku nyingine yoyote. Jumatatu na Jumanne muuguzi alikaa bila watoto, na lawama ikaangukia zahanati. Kwa hiyo naelewa hasira yako, ingawa langu lilikuwa neno moja tu.

Mhariri_Mwingine:

Sikufanya kazi hiyo, lakini ninafanya kazi ya aina hiyo, na naomba nisikilizwe. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, lakini wasomaji wengi ninaowahudumia wamejifunza ukubwani. Sentensi yenye "niliyeiuza" huwasumbua. Nikiinyoosha sina nia ya kumdhulumu mtu. Nataka isomeke.

Mkalimani_Masaka:

Nnyabo au ssebo, naamini nia yako, lakini nia haitamrudisha mtunza ghala kazini. Kama msomaji anasumbuliwa na sentensi, mpe nyingine inayosema jambo lile lile. Mwalimu ametoa ya maneno manne hapo juu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataisoma. Mhariri wangu alirahisisha kwa kuondoa kile shahidi alichokuwa amekubali, na hakunipigia simu kuniuliza. Kuuliza kungechukua dakika mbili.

Mwalimu, shaka yako juu ya sentensi ya pili imenilaza macho. Jana niliwauliza wenzangu wawili waliozaliwa hapa hapa Masaka. Mmoja alisema "Nnatunda bijanjaalo" inafunga mlango kwa kila kitu kingine, mwingine akasema inaifungia kahawa peke yake. Katika barua yangu ya tatu, ninayoiandika leo, sentensi ya kwanza itakuwa "Aliyeuza kahawa si mimi", na juu yake nitaandika swali aliloulizwa pamoja na maneno yake ya Luganda. Ya pili nimeiacha wazi. Kesho asubuhi nitakwenda kwa mtunza ghala nimuulize kama mwezi ule aliuza kitu kingine zaidi ya maharagwe, na barua haitatoka kabla hajanijibu.