Naomba ushauri: vocha ya tiketi ya ndege inaisha Januari, na wakala anataka niongeze 750,000

MamaRukia_Makorora
Wanajukwaa, asalaam aleikum na habari za jioni. Mimi ni mkazi wa Tanga. Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2025 nilikata tiketi ya kwenda Maskati na kurudi, kutokea Dar es Salaam, kwa shilingi 1,450,000. Safari ilikuwa ya tarehe 9 Aprili, lakini ilifutwa, na baadaye nikapewa vocha ya kutumia wakati mwingine. Mdogo wangu anayeishi huko anatarajia kujifungua katikati ya Desemba, nami nataka kuondoka tarehe 20 Desemba ili nikae naye mpaka amalize arobaini, kisha nirudi tarehe 24 Januari. Tiketi ya tarehe hizo sasa inauzwa 2,020,000. Kwa hesabu yangu natakiwa kuongeza 570,000, lakini wakala wangu wa hapa Ngamiani anasema niongeze 750,000. Vocha imeandikwa kwamba inaisha tarehe 13 Januari 2026. Je, ninaibiwa? Na je, ni haki kulipishwa tofauti ya nauli kwa safari ileile na ndege ileile?

Chumbageni_Kwetu
Pole, dada. Vocha hizi kwa kawaida ni za miezi 12, kwa hiyo muda si tatizo. Ukiondoka kabla ya tarehe 13 Januari uko salama, hata ukirudi Februari. Kuhusu hiyo tofauti, wakala anaweka chake juu, kwa hiyo nenda ofisi za shirika lenyewe.

Nahodha_wa_Kange
Mimi yalinikuta kwenye ndege ndogo ya kutoka Tanga kwenda Pemba. Mvua ilikuwa kubwa, rubani hakuja, na tuliokuwa tukisubiri uwanjani tuliambiwa tuchague kati ya ndege ya kesho yake na kurudishiwa fedha zetu. Nilichagua fedha na nikazipata zote bila kukatwa hata senti. Shirika likifuta safari, fedha ni zako. Mimi nisingekubali vocha hata kidogo.

Mzee_wa_Raskazone
Mwanangu MamaRukia, nimefanya kazi ya kukata tiketi za ndege kwa miaka mingi, na hesabu zako zimenifanya nisite. Tofauti kati ya 750,000 uliyotajiwa na 570,000 uliyoipata wewe ni 180,000 kamili. Ada ya wakala haifiki huko. Kiasi kama hicho hufanana zaidi na faini ya abiria aliyeahirisha mwenyewe, ambayo shirika hukata kwanza na kinachobaki ndicho kinachoandikwa kwenye vocha. Kwa hiyo naomba uniambie mambo mawili. Vocha yenyewe imeandikwa thamani gani? Na mwezi wa Aprili, ni nani aliyefuta safari: ni wewe au ni shirika?

MamaRukia_Makorora
Shikamoo, mzee wangu. Vocha imeandikwa 1,270,000. Ama kuhusu kufuta, mama mkwe aliugua ghafla, nami nilimwambia wakala tarehe 7 Aprili kwamba siendi. Siku iliyofuata nikasikia kwa jirani, ambaye naye alikuwa asafiri, kwamba shirika limeifuta ndege hiyo ya tarehe 9. Kwa hiyo kusema kweli safari ilifutwa, na mimi sioni kwa nini nikatwe faini ya ndege ambayo haikuruka. Halafu sikutaja kwamba nimekwisha kumlipa wakala 200,000 za kushikia nafasi ya Desemba, kwa sababu tarehe hiyo sitaki kuipoteza. Mdogo wangu hana mtu mwingine wa kumlea huko.

Mzee_wa_Raskazone
Marahaba, mwanangu. Sasa picha imekamilika, na hilo ulilolichelewesha ndilo linaloamua mambo.

Ulipofuta tarehe 7, tiketi yako iliingia katika masharti ya abiria aliyeahirisha kwa hiari. Hapo 1,450,000 ilitolewa 180,000 ikabaki 1,270,000. Nauli ya Desemba ni 2,020,000, ukitoa 1,270,000 unabakiwa na 750,000, kwa hiyo wakala hajakuongopea. Kama ungekuwa bado umo kwenye orodha ya abiria shirika lilipoifuta ndege, ungekuwa na haki ya kudai fedha zako kama Nahodha alivyodai zake, au kubadilishiwa tarehe bila faini.

Ama kulipa tofauti kwa ndege ileile, shirika haliuzi viti vyote kwa bei moja. Viti vya ndege moja hugawanywa katika madaraja ya nauli, cha bei nafuu huisha kwanza, na karibu na sikukuu kinachobaki ni cha bei ya juu. Vocha ni fedha tu. Haikuhifadhii ile nauli ya Januari, bali hupimwa na nauli inayouzwa siku unayokata tiketi mpya. Kwa hiyo kila wiki unayongoja, viti vya nafuu vinapungua na nyongeza yako inaweza kukua.

Bi_Tausi
Mimi naona jambo la msingi ni familia. Huyo mdogo wake na shemeji wanaomhitaji ndio wangebeba hiyo nyongeza, kwa sababu anayekuja kulea mzazi hafai kugharamia safari peke yake. Siku hizi tumeacha desturi hizo, kisha tunalaumu mashirika ya ndege.

Mhasibu_Nguvumali
Samahani, ndugu zangu, lakini nina mashaka na habari hii nzima. Mwenye uzi anasema safari ilikuwa Aprili, vocha alipewa baada ya hapo, na Chumbageni ametuambia kwamba vocha ni ya miezi 12. Aprili mpaka tarehe 13 Januari haifiki hata miezi kumi. Aidha tarehe zimebuniwa, au hakuna vocha. Tumekwisha kuona nyuzi za namna hii zinazoishia kwa kuomba mchango. Naomba aeleze kabla hatujaendelea kupoteza muda.

MamaRukia_Makorora
Sijaomba mchango wa mtu yeyote na wala sitaomba. Vocha nilitumiwa kwa baruapepe tarehe 16 Aprili, na tarehe ya mwisho ni hiyo niliyoiandika. Mimi mwenyewe nilimuuliza wakala kwa nini si Aprili, akanijibu kwamba ndivyo mtambo ulivyotoa. Sina sababu ya kuwadanganya watu ninaowaomba msaada.

Mzee_wa_Raskazone
Mhasibu, shaka yako ina msingi wa hesabu, lakini tarehe hizo ndizo zinazonifanya nimwamini. MamaRukia, nakisia kwamba tiketi ya kwanza uliikata tarehe 14 Januari 2025 au karibu na hapo.

MamaRukia_Makorora
Ndiyo, mzee. Risiti ninayo mkononi, imeandikwa tarehe 14 Januari.

Mzee_wa_Raskazone
Basi ndiyo hiyo. Uhai wa kawaida wa tiketi ambayo haijatumika ni mwaka mmoja tangu siku ilipotolewa, na mashirika mengi huifanya vocha irithi tarehe hiyo. Mwaka haukuanza ulipopewa vocha, ulianza ulipolipa mara ya kwanza. Watu wengi hupoteza fedha zao hapa kwa sababu huhesabu tangu siku ya barua. Na ukiitumia vocha kisha ukafuta tena, mara nyingi salio halipewi mwaka mpya, bali hubaki na tarehe ileile ya mwanzo.

Sasa jambo ambalo Chumbageni amelisema nusu. Tarehe ya mwisho inaweza kuwa na maana tatu. Kuna vocha inayotaka tiketi mpya iwe imekatwa kabla ya tarehe hiyo, na kusafiri ni baadaye. Kuna inayotaka safari iwe imeanza. Na kuna inayotaka safari yote iwe imekwisha, pamoja na kurudi. Kwa aina mbili za kwanza, mpango wako wa kuondoka tarehe 20 Desemba hauna tatizo. Kwa aina ya tatu, kurudi tarehe 24 Januari kumepita siku kumi na moja, na utalazimika ama kurudi mapema au kununua tiketi nyingine ya kurudi kwa fedha zako. Fungua ile baruapepe, shuka chini kwenye masharti, na utafute sentensi yenye tarehe hiyo. Usimtegemee wakala akusomee. Kama sentensi haieleweki, liandikie shirika, ujibiwe kwa maandishi.

Chumbageni_Kwetu
Hapo nimejifunza, mzee. Yangu ilikuwa ya aina ya pili, nami nikadhani zote ziko hivyo.

Mhasibu_Nguvumali
Nimeridhika na maelezo ya tarehe, na naomba radhi kwa dada. Lakini ile 200,000 ya kushikia nafasi inanitia wasiwasi zaidi kuliko vocha. Amepewa nini kwa fedha hizo?

MamaRukia_Makorora
Nimesamehe. Nimepewa karatasi yenye jina langu, tarehe za safari, na herufi na namba sita ambazo wakala anasema ndizo uthibitisho. Nilimlipa kwa sababu aliniambia nafasi zinaisha, na bado naona nilifanya sawasawa.

Mzee_wa_Raskazone
Hizo sita ni kumbukumbu ya nafasi tu, mwanangu, si tiketi. Tiketi ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lenyewe. Kama karatasi yako haina namba hiyo, basi vocha haijatumika bado, na mtambo utaifuta nafasi yako muda wa kulipia ukipita, hata kama wakala ana 200,000 zako. Mpigie shirika, wasomee zile sita, uwaulize nafasi hiyo inakufa lini.

Kisha kabla hujaongeza fedha, mwombe akupigie bei ya kuondoka mwanzoni mwa Desemba, siku ya katikati ya wiki.

MamaRukia_Makorora
Nimetoka kwa wakala sasa hivi. Tarakimu 13 hazipo. Shirika limeniambia kwamba nafasi inafutika Ijumaa saa sita mchana. Bei ya Jumatano tarehe 3 Desemba ni 1,690,000, kwa hiyo ningeongeza 420,000 badala ya 750,000. Lakini nimeshona nguo za watu za sikukuu, na nikiondoka tarehe 3 sitazimaliza. Sentensi ya masharti nimeisoma: inasema safari ianze kabla au ifikapo tarehe ya mwisho.

Bi_Tausi
Mdogo wako atakuhitaji kabla ya kujifungua pia. Kazi ya nguo mpe mwenzako.

Mzee_wa_Raskazone
Basi kurudi tarehe 24 Januari hakuna kikwazo, na kati ya tarehe 3 na tarehe 20 unachagua kati ya 330,000 na kazi yako ya kushona, hilo ni lako mwenyewe. Utakaloamua, limalize kabla ya Ijumaa, na usiondoke dukani bila namba ya tiketi. Hakikisha pia zile 200,000 zimehesabiwa ndani ya nyongeza na zimeandikwa kwenye risiti.

Kuhusu zile 180,000 za faini, andika barua kwa shirika ukieleza kwamba ndege yenyewe haikuruka. Wasipojibu, lipo baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambalo hupokea malalamiko ya abiria aliyekwisha kuliandikia shirika. Sikuahidi kwamba utashinda, kwa sababu wewe ulifuta kwanza na vocha uliipokea, na wao watalishika hilo.

MamaRukia_Makorora
Barua nitaiandika, mzee wangu. Kesho asubuhi nakwenda Ngamiani na risiti ya 200,000 mkononi. Tarehe nitaamua nikishaongea na mwenzangu wa cherehani usiku huu.