Akidai saa za ziada, anatupwa zamu ya usiku. Kisasi hiki kina jina gani jingine?

Mpakiaji_Dar: Wakuu, inauma! Ghalani kwetu mwenzetu kapeleka barua ya kudai malipo ya saa za ziada Jumatatu. Alhamisi ratiba mpya ikabandikwa, na kati ya watu 14 yeye peke yake kahamishiwa usiku. Mwisho wa mwezi tathmini yake imeshuka kutoka 4 hadi 2, eti "hana ushirikiano". Ukiuliza, unaambiwa ni mahitaji ya kazi. Mahitaji gani yanayomchagua mtu mmoja tu?

Bi_Usuluhishi: Hiyo "peke yake" ndiyo kesi yenyewe. Wangehamishwa wote 14, bosi angekuwa na pa kujitetea. Apige picha ratiba ya zamani na mpya, zikiwa nzima na majina ya wote, kabla hazijabanduliwa ubaoni. Aweke pamoja tathmini zilizopita. Ila vyote hivyo havisimami kama hawezi kuonyesha kwamba aliyemhamisha alijua kuhusu barua. Ana nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa?

Mpakiaji_Dar: Hana. Aliikabidhi mkononi.

Bi_Usuluhishi: Basi leo hii aandike nyingine fupi: "Narejea barua yangu niliyokukabidhi Jumatatu tarehe fulani. Naomba sababu ya kuhamishwa zamu, kwa maandishi." Wakijibu, wamekiri waliipokea. Wakinyamaza, anabaki na nakala, na hii ya pili asiondoke bila muhuri au saini.

Kijana wa Temeke: Aache kazi tu, aende CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Sheria inasema ukilazimishwa kuondoka umeachishwa.

Bi_Usuluhishi: Nusu kweli, mdogo wangu. Akiachishwa, mwajiri ndiye anayethibitisha kwamba sababu ilikuwa halali. Akiondoka mwenyewe, ni juu yake kwanza kuthibitisha kwamba kazi ilikuwa haivumiliki, na zamu moja ya usiku haitoshi. Asigome pia, akikosa zamu wanamfungulia shauri la utoro, na kisasi kinapata vazi la nidhamu.

mama_zuu: Mimi mwajiri hakupeleka michango yangu NSSF mwaka mzima. Nalo ni kisasi?

Bi_Usuluhishi: Uliwahi kulalamika kabla hajaacha kupeleka? Kama hapana, ni deni, dada; anza na NSSF wenyewe.

Mpakiaji_Dar: Tathmini wanataka asaini kesho.

Bi_Usuluhishi: Asaini, ila juu ya saini aandike kwa mkono: "Nimeipokea, sikubaliani nayo", na tarehe. Aombe mifano ya huo ukosefu wa ushirikiano: siku gani, kazi gani. Na ahesabu siku: mgogoro usiohusu kuachishwa una siku 60 kufika CMA, kuachishwa ni 30.

Kijana wa Temeke: Na akimrekodi bosi kwa siri?

Bi_Usuluhishi: Hapo mawakili wenyewe wanabishana. Daftari ni salama zaidi: siku ileile, saa, maneno yaleyale, nani alikuwepo.

Mpakiaji_Dar: Waliokuwepo wanaogopa kutajwa.